Pumzi inakata katikati ya sentensi: kusaka chanzo unaposoma kwa sauti

Wanaojizoeza kusoma kwa sauti huleta malalamiko yaleyale: pumzi haitoshi, usomaji unakatikakatika, wasikilizaji wanapotea njiani. Wengi wameshajipa jibu kabla hata ya kuuliza, kwamba mapafu yao ni dhaifu, na wanataka zoezi la kuvuta hewa nyingi zaidi. Mara nyingi mapafu hayana kosa. Kosa liko kwenye vituo: msomaji hajaamua atatua wapi, basi pumzi inaamua badala yake, nayo haijui maana. Ndiyo maana kila dalili hapa chini inaanza kukaguliwa kwenye ukurasa kabla ya kifuani.

Unahitaji aya moja ya maandishi, penseli, na simu inayorekodi. Irekodi aya hiyo kwanza jinsi unavyoisoma sasa, bila kujirekebisha. Kisha utumie alama mbili. Mkwaju mmoja ( / ) ni kituo kifupi: sauti inatua kidogo lakini huvuti hewa. Mikwaju miwili ( // ) ni kituo cha pumzi. Maneno yaliyo kati ya alama na alama nitayaita fungu.

Dalili: pumzi inakwisha kabla ya nukta

Msomaji anaanza vizuri, katikati ya sentensi sauti inakonda, maneno matatu ya mwisho yanatoka kwa kukamuliwa, halafu anavuta hewa kwa pupa kama mtu aliyeibuka majini.

Chanzo kinachoongoza ni kutokuwa na vituo vilivyopangwa. Kukagua ni rahisi. Sikiliza rekodi yako huku umeshika penseli, na utie alama kila mahali uliposikika ukivuta hewa. Usitie alama pale ulipodhani utavuta, tia pale ulipovuta kweli. Ukikuta umevuta hewa kati ya "ya" na neno linaloifuata, au kati ya "alikuwa" na "akisoma", chanzo umeshakipata. Panga vituo kama nitakavyoonyesha kwenye dalili inayofuata, soma tena, rekodi tena. Tatizo likiondoka, usiendelee na sehemu iliyobaki ya dalili hii. Huihitaji.

Likibaki, shuku kwamba unaanza na hewa ya masalio. Wasomaji wengi, hasa wenye woga, hukaa tayari, hushusha pumzi ndefu ya kujituliza, kisha papo hapo wanaanza neno la kwanza. Wameanza wakiwa watupu. Usemi wa kawaida hutumia hewa ya katikati ya mapafu. Ukishuka chini ya pale pumzi ya utulivu inapoishia yenyewe, misuli ya tumbo inalazimika kuisukuma hewa iliyobaki na koo linajikaza kusaidia. Weka viganja kwenye mbavu za chini, upande huu na huu, uanze kusoma. Mbavu zilipanuka kabla ya neno la kwanza? Kama hazikupanuka, tiba ni mpangilio tu: shusha pumzi ukitaka, lakini vuta nyingine, na neno la kwanza lifuate mara hewa inapoingia, bila kuibana kwanza kooni.

Sababu ya tatu watu huikataa mpaka waisikie wenyewe: umevuta hewa nyingi mno. Kifua kilichojazwa pomoni kinataka kujishusha kwa nguvu, kwa hiyo maneno ya kwanza yanalipuka na kuondoka na sehemu kubwa ya akiba. Linganisha kwenye rekodi maneno matatu ya mwanzo na matatu ya mwisho. Kama ya mwanzo yana kishindo na ya mwisho hayasikiki, punguza. Fungu la maneno kumi hadi kumi na tano linataka hewa inayozidi kidogo tu ile ya kupumua umekaa kimya. Soma sentensi hiyohiyo ukiwa umevuta nusu ya ulivyozoea. Wengi hufika mbali zaidi.

Ukishapita hapo, ndipo zoezi lina maana, na ninalolipendelea ni la nyongeza. Soma fungu la kwanza peke yake, vuta hewa. Soma la kwanza na la pili kwa pumzi moja, vuta hewa. Ongeza la tatu. Utakapohisi shingo au tumbo linaanza kukaza, kipimo chako cha leo ni fungu moja kabla ya hapo, na hapo ndipo mikwaju miwili inapowekwa. Usishindane kumaliza sentensi kwa pumzi moja. Msikilizaji hana habari na idadi ya pumzi zako. Anachosikia ni kama ulitua mahali penye maana.

Sababu ya nne ni nadra: hewa inavuja kwa sababu nyuzi za sauti hazikutani vizuri. Hiyo haitibiwi kwa mazoezi ya kusoma, na kipimo chake kiko mwishoni.

Dalili: unatua, lakini wasikilizaji wanaelewa kitu kingine

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa ndipo kazi ilipo.

Chanzo cha kwanza ni kutii alama za uandishi peke yake. Shuleni wengi tulifundishwa kwamba kwenye mkato unapumzika kidogo na kwenye nukta unapumzika zaidi. Inafaa kwa kuanzia, kisha inaharibu. Ipo mikato ambayo mtu akiongea haisikiki kabisa, kama "La, bwana". Na vipo vituo vya lazima ambavyo mwandishi hakuvitilia alama yoyote. Chukua sentensi hii niliyoitunga kwa mazoezi:

"Mzee aliyekuwa akilinda ghala usiku huo alisikia mlio mdogo nyuma ya magunia, akadhani ni panya, lakini alipoinua taa aliona kwamba maji yalikuwa yamekwisha kupenya chini ya mlango na kulowesha magunia yote ya safu ya kwanza."

Ni maneno thelathini na matano, na mikato miwili tu. Anayefuata mikato atasoma maneno kumi na mawili, atatua, atasoma matatu, atatua, kisha atajikuta mbele ya ishirini yasiyo na pa kupumzikia. Atakatika mahali fulani, mara nyingi baada ya "kwamba" au katikati ya "magunia yote ya safu". Mimi ningeitia alama hivi:

Mzee aliyekuwa akilinda ghala usiku huo / alisikia mlio mdogo nyuma ya magunia, / akadhani ni panya, // lakini alipoinua taa / aliona / kwamba maji yalikuwa yamekwisha kupenya chini ya mlango / na kulowesha magunia yote ya safu ya kwanza. //

Kituo cha kwanza hakina mkato, lakini ndicho muhimu kuliko vyote. Vitenzi viwili vimekaribiana: "aliyekuwa akilinda" kinamwelezea mzee, "alisikia" ndicho kinachobeba habari. Bila kutua kati yao, msikilizaji hajui maelezo yameishia wapi. Tena ukikihamisha kituo hicho kabla ya "usiku huo", habari inageuka. Utapata mzee ambaye kulinda ghala ni kazi yake ya siku zote, na siku hiyo akasikia mlio. Nilivyotia alama mimi, ni mzee aliyekuwa zamu usiku huo mmoja. Maandishi yanaruhusu yote mawili, na ni wewe unayemwamulia msikilizaji. Soma aya iliyotangulia kwenye kitabu ndipo uamue.

Baada ya "magunia" sikuweka pumzi. Kitenzi chenye "-ka-" kinaning'inia kwenye kitenzi kilichotangulia: alisikia, akadhani. Ukivuta hewa ndefu hapo, unakata mnyororo wa matukio. Kituo kifupi kinatosha. Pumzi nimeiweka kabla ya "lakini", kwa sababu hapo ndipo habari inapogeuka na msikilizaji mwenyewe anahitaji nafasi ya kujipanga.

Sasa "kwamba". Kosa linalosikika kila siku, hata kwa wasomaji wenye sauti nzuri, ni kutua baada yake: "aliona kwamba... maji yalikuwa". Neno hilo ni mlango wa fungu linalofuata, kwa hiyo ukitua, tua kabla yake. Vivyo hivyo kwa "ili", "kwa sababu", "lakini", "ingawa" na "ambaye". Na hapa, kama mwendo wako ni wa kasi kidogo, kituo kati ya "aliona" na "kwamba" unaweza kukifuta bila hasara. Nimekiweka kwa anayeanza.

Kilichobaki ni maneno ambayo hayaachanishwi. "Yalikuwa yamekwisha kupenya" ni kitenzi kimoja kwa sikio, ijapokuwa ni maneno matatu. "Mlio mdogo" haukatwi. "Ni panya" haukatwi. "Magunia yote ya safu ya kwanza" ni kitu kimoja chenye mkia mrefu. Mikia ya namna hii ndiyo mtego mkubwa, hasa kwenye taarifa za ofisi: "ripoti ya kamati ya uchunguzi wa chanzo cha moto wa mwezi uliopita". Ukilazimika kuupunguza mkia kama huo, utue kabla ya "ya" au "wa", kamwe usitue baada yake, na uchague kiungo kinachoacha kitu kamili nyuma: "ripoti ya kamati ya uchunguzi / wa chanzo cha moto wa mwezi uliopita".

Chanzo cha pili, cha nadra kidogo lakini chenye madhara zaidi, ni kuzisoma sentensi zenye maana mbili bila kugundua kwamba zina maana mbili. "Mama alisema baba hayupo" ina msemaji mmoja. "Mama, alisema baba, hayupo" ina msemaji mwingine kabisa, na aliyekosekana amebadilika. Kwenye ukurasa mikato inakulinda. Kwenye hewa, ni vituo vyako tu. Kanusho ndilo baya zaidi. "Sikwenda / kwa sababu ya mvua" maana yake mvua ilinizuia. Ukiisoma mfululizo na kuiacha sauti juu mwishoni, msikilizaji anasubiri uendelee: alikwenda, ila sababu haikuwa mvua. Ukiona "si-", "ha-" au "hawa-" ikifuatwa na "kwa sababu" au "ili", simama na penseli uulize kanusho linagusa nini.

Jaribio la kujua kama vituo vyako vimefaa: msomee mtu asiye na maandishi mbele yake, kisha umwulize nani alifanya nini. Usimwulize kama amependa. Ataitikia tu.

Dalili: unasoma neno kwa neno, au unatua kila mstari unapoisha

Kwanza kabisa, huenda maandishi ni mageni kwako. Kabla ya kutafuta chanzo kingine, yasome kimya mara moja, uhakikishe matamshi ya majina na tarakimu. Tarakimu huvunja mwendo kuliko maneno magumu. Andika pembeni jinsi utakavyoitamka.

Kama unayajua maandishi na bado unakatika, macho yako yanatembea pamoja na sauti badala ya kutangulia. Mtu akusaidie kukagua: unaposoma, afunike ukurasa ghafla kwa kadi, nawe uendelee kutamka ulichokwisha kukiona. Msomaji aliyezoea huendelea maneno kadhaa, aghalabu mpaka fungu linapokamilika. Ukinyamaza papo hapo au ukapata neno moja tu, hilo ndilo tatizo. Lirekebishe kwa mazoezi ya kutazama na kusema: angalia fungu zima kimya, inua macho kutoka kwenye ukurasa, liseme, rudi chini. Mwanzoni utaenda polepole mpaka ukereke. Ukirudi kusoma kawaida, macho yatakuwa yameanza kutangulia.

Kituo cha mwisho wa mstari kina dawa ya haraka zaidi, ambayo ni kuyaandika maandishi upya. Kila fungu lipewe mstari wake, na mstari mtupu uwekwe pale penye pumzi. Hapo mwisho wa mstari na mwisho wa maana vinakuwa kitu kimoja. Kwa hotuba au taarifa ya kusomwa mbele ya watu nisingetumia mpangilio mwingine, hata kwa msomaji mzoefu. Ila kwa mazoezi, siku moja moja rudi kwenye ukurasa wa kawaida, usije ukaushindwa siku utakapopewa.

Dalili: kila kituo kinasikika kama mwisho wa habari

Vituo viko sawa, pumzi inatosha, lakini usomaji unasikika kama orodha. Sauti inashuka kwenye kila mkwaju. Sikiliza silabi ya pili kutoka mwisho wa kila fungu, kwa kuwa hapo ndipo mkazo wetu unapokaa na hapo ndipo sauti hupanda au kushuka. Kwenye mkwaju mmoja iache juu au sawa. Ishushe kwenye nukta peke yake. Kwenye sentensi yetu, "huo", "magunia" na "taa" zibaki zikining'inia, na "kwanza" ndiyo ishuke.

Mara nyingine chanzo ni pumzi: sauti inashuka kwa sababu hewa imepungua. Vuta hewa kwenye fungu moja kabla, usikilize kama mshuko unaondoka.

Dalili: kuvuta hewa kunasikika, mabega yanapanda

Ukisoma, kuvuta hewa ni kwa haraka na kuitoa ni kwa muda mrefu, tofauti na kupumua kimya ambako pande mbili zinakaribiana. Haraka hiyo ndiyo inayowafanya watu wanyonye hewa kwa nguvu. Kelele unayoisikia ni hewa ikipita kwenye koo lililobanwa. Keti wima, au simama na maandishi yaliyoinuliwa kufika kifuani, usiyainamie. Kila ufikapo kwenye mikwaju miwili, legeza tumbo na taya, mdomo ukiwa wazi tayari kwa irabu ya neno linalofuata. Kiwambo, yaani msuli ulio chini ya mapafu, kikishuka, hewa inaingia yenyewe. Kutumia pua ni kuzuri kwenye vituo virefu vya kati ya aya, lakini katikati ya aya pua hukuchelewesha.

Kama rekodi peke yake ndiyo yenye kelele na walio chumbani hawaisikii, sogeza simu pembeni ya mdomo badala ya mbele yake.

Lini uache na umwone mtaalamu

Ukihisi kizunguzungu au vidole na midomo vikichonyota, umepumua kupita kiasi. Acha kusoma, keti, pumua kawaida kwa pua mpaka hali itulie, na siku hiyo usirudie mazoezi ya pumzi. Kizunguzungu kikija pamoja na maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi hata umetulia, au kuzirai, hilo si suala la kusoma tena. Tafuta huduma ya dharura.

Sauti ikikwaruza wakati wa mazoezi, simamisha na unywe maji. Usihamie kwenye kunong'ona, kwani kwa watu wengi mnong'ono huzikaza nyuzi za sauti badala ya kuzipumzisha. Ukwaruzaji ukidumu zaidi ya wiki tatu, muone daktari wa masikio, pua na koo. Usingoje hata hizo wiki tatu kama unakohoa damu, una uvimbe shingoni, au kumeza kunauma.

Kipimo cha nyumbani cha hewa inayovuja ni hiki. Vuta hewa ya kutosha, utoe "sss" mfululizo huku ukihesabu sekunde kwa simu. Pumzika, kisha utoe "zzz". Rudia kila moja mara tatu na uchukue iliyo ndefu. Kwa kawaida zinakaribiana. Ikiwa "sss" inafika kama mara moja na nusu ya "zzz", hewa ipo lakini nyuzi haziizuii vizuri, na daktari anapaswa kuzitazama. Zote mbili zikiwa fupi, tazama upya namna unavyovuta hewa. Halafu jaribu "aaa". Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hufikisha sekunde kumi na tano au zaidi. Ukibaki chini ya kumi kila unapojaribu, mweleze daktari pia.

Lipo tatizo moja ambalo watu hulichanganya na vituo. Neno unalijua, hewa unayo, lakini halitoki, au silabi ya kwanza inajirudia. Hicho ni kigugumizi. Kuvuta pumzi ndefu kabla ya kila neno hakukitibu na huweza kukuongezea mkazo. Anayehusika ni mtaalamu wa tiba ya usemi. Na anayeruka mistari au kurudia mstari uleule hata kwenye maandishi aliyoyazoea aanze kwa kupima macho.

Unapokwenda kwa yeyote kati ya hao, mpelekee rekodi mbili za aya ileile, moja ya asubuhi na moja ya jioni baada ya siku ya kuongea, pamoja na sekunde zako za "sss", "zzz" na "aaa" zikiwa zimeandikwa tarehe.